Je, Wajua? Mikebe 42 ya Rangi na Milango Miwili ya Kutokea Kazini

Je, wajua kwamba nchini Kenya mwajiri anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kumfuta kazi mfanyakazi, na bado akashindwa mahakamani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 45, humuuliza mwajiri maswali mawili. La kwanza ni hili: ulikuwa na sababu halali na ya haki? La pili: ulimtoa kwa utaratibu wa haki? Akijibu moja vizuri na kulikosa la pili, amemwachisha kazi isivyo haki.

Tuyafuate maswali hayo kwa mtu wa kubuni, tumwite Mwanaidi. Ni msimamizi wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi huko Changamwe, Mombasa. Ana miaka sita kazini, mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 40,000, na duka lina wafanyakazi 23. Bidhaa zilipohesabiwa mwisho wa mwezi, mikebe 42 ya rangi haikuonekana. Mikebe 30 Mwanaidi ana maelezo yake: dereva alikuja mbio, akasema mteja anasubiri, naye akaitoa bila karatasi iliyotiwa sahihi, kinyume na sheria za stoo. Mikebe 12 iliyobaki hajui ilikokwenda. Stoo ina funguo mbili, mmoja wake, wa pili wa meneja.

Jumanne asubuhi aliitwa ofisini. Ndani walikuwa mwenye duka, mhasibu na yuyo huyo meneja mwenye ufunguo wa pili. Alisomewa karatasi kwa Kiingereza, kisha mwenye duka akamwambia, "Mama, stoo imeliwa na wewe ndiye mwenye stoo. Una lolote la kusema?" Mwanaidi akaanza kueleza habari za dereva. Kabla hajafika mbali, mwenye duka alitoa barua kwenye droo, imeshapigwa chapa na kutiwa sahihi: kuanzia leo huna kazi.

Je, wajua kwamba mwenye duka halazimiki kuthibitisha wizi kama polisi? Kifungu cha 43 kinamtaka aonyeshe sababu alizoziamini kwa dhati wakati alipofanya uamuzi. Kifungu cha 44 kinakubali hata shuku ya kosa la jinai dhidi ya mali ya mwajiri, mradi shuku hiyo ina misingi ya kutosha. Uzembe katika kazi nao umo kwenye kifungu hicho hicho. Kwa hiyo, tukiitazama sababu peke yake, mwenye duka hana hali mbaya. Mikebe 30 ilitoka bila karatasi, na Mwanaidi mwenyewe anakiri. Wafanyakazi wengi huenda mahakamani wakidhani kesi yao ni kuonyesha kwamba hawakuiba. Hakimu ana swali jingine: je, mwajiri mwenye busara, kwa yale aliyoyajua siku ile, angeweza kuamini hivyo?

Kwa mikebe 12 jambo ni gumu zaidi kwa mwajiri. Palipo na funguo mbili, kumtazama mwenye ufunguo mmoja tu si uchunguzi. Mwenye duka atatakiwa aeleze kama meneja aliulizwa, nani aliulizwa mwingine, na daftari la stoo lilisema nini. Akiwa hakumuuliza mtu, imani yake itaonekana haina miguu.

Je, wajua mambo ambayo kifungu cha 41 kinamdai mwajiri kabla hajamwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kushindwa kimwili? Ni lazima amweleze mfanyakazi sababu inayomfanya afikirie kumwachisha. Amweleze kwa lugha anayoielewa. Amruhusu awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo kazini, na anayechagua ni mfanyakazi. Kisha amsikilize, yeye na huyo aliyemchagua, na ayapime waliyoyasema kabla ya kuamua.

Neno "kabla" ndilo linalowaangusha waajiri wengi, na ndilo lililomwangusha mwenye duka wetu. Barua iliyokuwa kwenye droo inaonyesha kwamba uamuzi ulifanywa kwanza, kisha Mwanaidi akaulizwa kwa ajili ya kutimiza desturi. Karatasi ilisomwa kwa lugha asiyoimudu. Hakuambiwa kwamba anaweza kuja na mwenzake. Meneja, ambaye alipaswa kuwa miongoni mwa wanaohojiwa, alikaa upande wa waamuzi. Sheria haisemi mfanyakazi apewe siku ngapi za kujitayarisha, ila mahakama hutazama kama muda ulitosha kwa tuhuma yenyewe. Mtu anayeitwa na kuhukumiwa katika kikao kimoja, bila kuona orodha ya hesabu ya stoo wala daftari analotuhumiwa kwalo, hakupewa muda wowote.

Mwenye duka angefanyaje? Si kazi kubwa. Angempa barua ya kutakiwa kujieleza, yenye tarehe ya hesabu, idadi ya mikebe na sheria ya stoo iliyovunjwa. Angempa nakala ya daftari na siku kadhaa za kujibu. Angemwalika kikaoni kwa maandishi, akamkumbusha kwamba anaruhusiwa kuja na mwenzake, na meneja angekaa nje ya meza ya uamuzi. Kikao kingeendeshwa kwa Kiswahili, mtu mmoja akiandika kumbukumbu. Baada ya hapo mwenye duka angekwenda kufikiri, na barua ya uamuzi ingetaja utetezi wa Mwanaidi na kueleza kwa nini haukukubalika. Kikao cha aina hii hakihitaji mawakili wala viapo. Kinahitaji mwamuzi ambaye bado hajaamua.

Je, wajua kwamba hata kufutwa kazi papo hapo bila notisi hakumwondolei mwajiri wajibu wa kumsikiliza mtu? Kifungu cha 41 kinasema waziwazi kwamba wajibu huo unagusa pia makosa makubwa ya kifungu cha 44. Neno "papo hapo" linahusu notisi, yaani mwajiri halazimiki kumlipa mwezi wa kungoja. Halimpi ruhusa ya kuziba masikio.

Je, wajua kwamba udogo wa duka si kinga? Ni kweli kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 50 hadaiwi na kifungu cha 12 kuwapa wafanyakazi maelezo ya maandishi ya kanuni za nidhamu. Wenye biashara ndogo huchukua msamaha huo na kuutandaza hadi kwenye kifungu cha 41, ambako haupo. Watu 23 wa Changamwe wana haki ya kusikilizwa sawa na wafanyakazi wa benki kubwa ya Nairobi.

Je, wajua kwamba zamani mfanyakazi alihitaji kutimiza miezi 13 kazini ndipo alalamike kuwa ameachishwa isivyo haki? Sharti hilo lilikuwa ndani ya kifungu cha 45 hadi mwaka 2012, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba linapingana na Katiba.

Je, wajua kwamba ukifutwa kazi hata kwa kosa la kweli, siku ulizokwisha kuzifanyia kazi ni zako? Kifungu cha 18 kinataka mtu aliyefutwa papo hapo alipwe fedha zote, marupurupu na haki zake hadi siku ya kuondoka. Mwenye duka hawezi kuuzuia mshahara wa Mwanaidi wa mwezi ule eti mpaka mikebe ipatikane.

Je, wajua kwamba kosa lako mwenyewe hupunguza fidia yako? Hapa ndipo mawakili huwavunja moyo wateja wao, na ni vema wakafanya hivyo mapema. Kifungu cha 49 kinaruhusu mahakama iamuru malipo ya notisi na fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12 kabla ya makato. Kwa Mwanaidi dari hilo ni shilingi 480,000. Lakini dari si haki ya kila mtu. Kifungu hicho kina orodha ya mambo ya kupimwa: miaka aliyofanya kazi, nafasi ya kupata kazi nyingine inayofanana, juhudi zake za kuitafuta, alicholipwa tayari, na jinsi mwenendo wake ulivyochangia kuachishwa kwake.

Tuseme basi hakimu anaona kwamba sababu ilikuwepo kwa ile mikebe 30, ila utaratibu ulikuwa mbovu kabisa. Anaweza kumpa fidia ya miezi mitatu, shilingi 120,000, na mwezi mmoja wa notisi, shilingi 40,000. Jumla ni 160,000, pamoja na malipo ya likizo ambayo hakuichukua. Hakimu mwingine angeweza kutoa miezi miwili au mitano, kwa kuwa sheria imeacha kipimo mikononi mwake na kumtaka tu aeleze sababu. Lau Mwanaidi angekuwa hakukosea lolote, na mikebe yote 42 ingekuwa imepita kwa ufunguo wa pili, hesabu ingepanda kuelekea dari. Naamini sheria imekaa vizuri hapa. Mtu mwenye kosa hatoki mikono mitupu kwa sababu hakusikilizwa, wala hatajiriki kwa kosa lake.

Mahakama inaweza pia kuamuru arudishwe kazini, lakini hilo ni nadra, na halitolewi ikiwa miaka mitatu imepita tangu aachishwe. Katika duka la watu 23, ambako angeripoti kila asubuhi kwa meneja yule yule, ni vigumu kumwona hakimu akiichagua njia hiyo.

Je, wajua kwamba sahihi moja inaweza kuifunga kesi nzima? Siku ya kuchukua haki zake, mfanyakazi hupewa karatasi inayosema amepokea malipo yote na hana dai jingine. Mahakama ya Rufani ya Kenya imekwisha kuamua kwamba karatasi kama hiyo inaweza kumfunga aliyeitia sahihi, ikiwa aliielewa na aliitia kwa hiari. Kila karatasi hutazamwa kwa mazingira yake, kwa hiyo Mwanaidi hatakiwi kukata tamaa ikiwa alishatia sahihi bila kuelewa maandishi. Ila ni rahisi zaidi kuandika "nimepokea mshahara wa siku zangu tu" kuliko kuja kueleza baadaye.

Je, wajua kwamba kushinda kesi ya wizi hakukurudishii kazi? Tuseme mwenye duka alikwenda pia polisi, Mwanaidi akashtakiwa, na baada ya miaka miwili na nusu akaachiliwa. Kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana, wakati mwajiri alidaiwa sababu aliyoiamini kwa misingi ya busara. Ni mizani mbili tofauti, na moja inaweza kuinama bila ya nyingine.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kalenda. Dai la ajira lina miaka mitatu tangu siku haki ilipovunjwa, na mahakama haina uwezo wa kuiongeza. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba siku hizo huanza kuhesabiwa pale mtu anapofutwa kazi, hata kama kesi ya jinai juu ya jambo hilo hilo bado inaendelea. Walioketi wakingoja jina lisafishwe kwanza, ndipo wadai kazi yao, walikuta mlango umefungwa. Mazungumzo na mwajiri nayo hayaisimamishi saa, hata yakiwa ya upole kiasi gani.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme Jumanne ile hakuna barua iliyotoka kwenye droo. Mwenye duka alimwambia tu, "Haya, nenda." Wiki ya pili Mwanaidi akakuta kufuli jipya kwenye stoo, na akaambiwa kazi yake ni kufagia ua na kupakia saruji. Mwisho wa mwezi mshahara ukawa 25,000. Alipouliza, meneja akajibu, "Anayeona hatoshelezwi, lango liko wazi." Mwanaidi akaandika barua ya kujiuzulu.

Je, wajua kwamba mtu aliyejiuzulu anaweza kuhesabiwa kuwa amefutwa kazi? Sheria ya Ajira ya Kenya haina kifungu kinachotaja kujiuzulu kwa kulazimishwa. Majaji ndio walioijenga kanuni hiyo, na msingi wake wa leo uliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2015, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati. Mahakama hiyo ilisema tazama mkataba: je, mwajiri amevunja jambo lililo katika mzizi wake, au ameonyesha kwamba hana nia tena ya kufungwa nao? Na je, uvunjaji huo ndio uliomfanya mfanyakazi aondoke?

Je, wajua kwamba nyuma ya kanuni hiyo kuna mchezo wa karata? Majaji wa Kenya waliegemea uamuzi wa mahakama ya rufani ya Uingereza wa mwaka 1978, ulioongozwa na Jaji Denning. Mfanyakazi wa kampuni ya uchimbaji alitoroka kazini alasiri moja ili acheze karata. Adhabu yake ikawa siku tano bila mshahara. Alipoishiwa pesa aliomba alipwe mapema malipo ya likizo, akanyimwa. Akaomba mkopo, akanyimwa pia. Basi akajiuzulu ili apate malipo ya likizo, kisha akadai kwamba amelazimishwa kuondoka. Alishindwa. Mwajiri wake huenda hakuwa mkarimu, lakini mkataba haukumdai mkopo wala malipo ya mapema. Ukali wa bosi peke yake hautoshi, lazima pawepo ahadi ya mkataba iliyovunjwa.

Ukiweka kisa cha Mwanaidi kando ya kile cha karata, tofauti inaonekana. Mshahara ni mzizi wa mkataba wowote wa kazi, na wake umekatwa shilingi 15,000. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Hakuna lililofanyika. Cheo chake nacho kimeondolewa bila kikao cha nidhamu, na stoo kufungwa kwa kufuli asilo na ufunguo wake. Kesi kama hii ina uzito.

Je, wajua kwamba mzigo wa kuthibitisha hubadilisha mabega hapa? Aliyepewa barua ya kufutwa anaionyesha barua hiyo, na mwajiri anaanza kujieleza. Aliyejiuzulu ana barua yake mwenyewe inayosema anaondoka. Ni juu yake kuonyesha kwamba kalamu ilishikwa na yeye lakini mkono ulisukumwa na mwajiri. Ndiyo maana kesi nyingi za aina hii hufia kwenye maneno ya barua. Mtu aliyenyanyaswa miezi mitatu huandika kwa adabu za kwetu: nashukuru kwa nafasi mliyonipa, naondoka kwa sababu za kifamilia. Mwaka ukipita, wakili wa mwajiri ataisoma shukrani hiyo kwa sauti mbele ya hakimu, na mashahidi wa kufuli na saruji watakuwa na kazi ngumu.

Barua ya Mwanaidi haihitaji ukali. Inatosha aandike kwamba mwezi fulani mshahara wake ulipunguzwa kutoka 40,000 hadi 25,000 bila kushauriwa, kwamba aliondolewa kwenye usimamizi wa stoo tarehe fulani, kwamba alilalamika kwa maandishi tarehe nyingine na hakujibiwa, na kwamba kwa sababu hizo hawezi kuendelea. Aambatishe karatasi za mshahara za miezi miwili, ule wa kabla na ule wa baada.

Na ule mlalamiko wa kwanza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mahakama ya mwaka 2015 ilisema pia kwamba mfanyakazi asiwe ameukubali uvunjaji huo, kwa maneno au kwa kunyamaza. Akipokea 25,000 mwaka mzima bila kusema neno, mwajiri atadai kwamba huo ndio mkataba mpya. Mwenye watoto hawezi kuacha kazi siku ile ile, na majaji wanalijua hilo. Mstari mmoja wa maandishi, "nafanya kazi huku nikipinga punguzo hili", humpa nafasi ya kupumua.

Je, wajua kwamba katika hali hiyo anaweza kuondoka bila notisi? Aliyeuvunja mkataba kwanza ni mwajiri. Akipenda kutoa notisi aitoe, haimharibii kesi, mradi mwenendo wa mwajiri ndio sababu hasa ya kuondoka. Ila akiondoka leo kwa kuwa amepata kazi nyingine Mtwapa, na barua za maombi zinaonyesha aliitafuta kabla ya mshahara kukatwa, sababu hasa itakuwa ni kazi ile.

Je, wajua mahali pa kwenda? Ana miezi mitatu tangu kufutwa ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, ambako hahitaji wakili. Akitaka kushtaki, tangu mwaka 2018 kesi za wenye mishahara isiyozidi shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa, kwa hiyo Mwanaidi hataanzia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yenyewe. Jamaa zake walio Tanga wasimshauri kwa kalenda yao, wala yeye asiwashauri kwa yake. Kwao dai la kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na anayechelewa huomba kwanza akubaliwe kuchelewa kwake.

Je, wajua kwamba kwa mlango wowote aliotokea, mwenye duka anadaiwa cheti cha utumishi? Kifungu cha 51 kinakitaja: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali, na siku aliyoacha. Mwajiri halazimiki kumsifu. Akikinyima kwa makusudi au kwa uzembe, au akiandika humo jambo analojua ni uongo, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Na katika yale ambayo kifungu hicho kinataka yaandikwe, sababu ya kuondoka haimo.